Milioni 12 vitabuni, milioni 54 sokoni: kwa nini mizania na soko havisemi kitu kimoja

Mwanzoni mwa mwaka 2025, ndugu watatu wanaomiliki kampuni ndogo ya kutengeneza samani huko Dagoretti, magharibi mwa Nairobi, walikaa mezani kuzungumzia jambo moja: dada yao mdogo alitaka kuuza theluthi yake ya hisa na kutoka. Kaka mkubwa alifungua hesabu zilizokaguliwa za mwisho wa Desemba 2024, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa mizania, akasema, "Mtaji wa wenye hisa ni milioni 12. Theluthi yake ni milioni 4. Dada, haki yako ndiyo hiyo." Dada naye alijibu kwa upole, lakini bila kusita: "Kaka, hiyo ploti peke yake haiwezi kununuliwa kwa milioni 12, hata nusu yake." Mimi ndiye ninayewatunzia vitabu, na ninakumbuka kwamba wote wawili walinigeukia wakitarajia nimsahihishe mmoja wao. Sikuweza, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasema kweli. Tarakimu ninazozitumia hapa nimezibadilisha ili wasitambulike, lakini uwiano wake ni ule ule.

Tuanze na mizania yenyewe. Upande wa mali ulikuwa na ardhi ya shilingi milioni 4, jengo la karakana la milioni 2.2, mashine za milioni 3.1, mbao na samani zilizokamilika za milioni 4.7, madai kwa wateja ya milioni 2.5, na fedha benkini za laki 9. Jumla ni milioni 17.4. Kampuni ilikuwa na deni la benki la milioni 3, na wauzaji wa mbao na vifaa walikuwa wanaidai milioni 2.4. Ukitoa milioni 5.4 za madeni kutoka milioni 17.4 za mali, unabaki na milioni 12 alizokuwa akizionyesha kaka.

Jumla hiyo inasumbua kwa sababu inajumlisha namba zenye umri tofauti. Fedha zilizo benkini ni za siku ile ile ya Desemba 31. Madai kwa wateja ni ya miezi miwili au mitatu. Mbao zilinunuliwa ndani ya mwaka. Lakini milioni 4 za ardhi ni za Januari 1996, siku baba yao alipomlipa muuzaji. Mwaka ule alilipa shilingi milioni 12 kwa nusu ekari na jengo lililokuwa juu yake, na mhasibu wa wakati huo akazigawa: milioni 4 kwa ardhi, milioni 8 kwa jengo. Kuanzia hapo, kwa miaka 29, hakuna aliyeigusa namba ya ardhi. Namba ya jengo iliguswa kila mwaka, lakini kwa kushuka tu: jengo lilipewa maisha ya miaka 40, kwa hiyo laki 2 zilikatwa kila mwaka kama uchakavu. Laki 2 mara 29 ni milioni 5.8, na ndiyo maana zilizobaki ni milioni 2.2.

Hii ndiyo njia inayoitwa gharama ya kihistoria. Mali huandikwa kwa kiasi kilicholipwa siku ya kununua, kisha hupunguzwa kadiri inavyotumika. Watu wengi hudhani uchakavu ni kipimo cha jinsi thamani ya kitu inavyoshuka sokoni. Sivyo. Uchakavu ni mgawanyo wa gharama: kiasi alicholipa baba mwaka 1996 kinagawiwa kwa miaka ambayo jengo linaisaidia kampuni kupata mapato, ili kila mwaka ubebe sehemu yake. Milioni 2.2 si bei ya jengo. Ni sehemu ya malipo ya 1996 ambayo bado haijapelekwa kwenye hesabu ya faida na hasara. Ukiisoma hivyo, namba hiyo haina kosa lolote. Ukiisoma kama bei, inakupotosha.

Gharama ya kihistoria ina nguvu moja ambayo wapinzani wake huisahau: ina risiti. Mkaguzi wa hesabu anaweza kuomba mkataba wa mauzo wa 1996, akaona kiasi, akaona saini, akamaliza kazi. Hakuna anayeweza kuipandisha ili kuipendeza benki. Lakini ina upande mmoja ambao haulingani na mwingine: inaruhusiwa kushuka na hairuhusiwi kupanda. Samani zilizogharimu laki 5 na ambazo sasa zingeleta laki 3 tu baada ya kutoa gharama za kuuza lazima ziandikwe laki 3, kwa maana akiba ya bidhaa huandikwa kwa gharama yake au kwa kiasi kinachotarajiwa kupatikana ikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuuza, na kati ya hivyo viwili huchaguliwa kilicho kidogo. Mashine iliyoharibika na isiyoweza tena kurudisha thamani yake ya vitabuni hushushwa vilevile. Ardhi iliyopanda mara kumi na nne, chini ya njia hiyo hiyo, hubaki palepale. Kwa hiyo katika mji ambao bei ya ardhi imekuwa ikipanda kwa miongo kadhaa, mizania ya gharama ya kihistoria huwa nyuma ya soko, na mwanya huo huongezeka kadiri kampuni inavyozeeka.

Kenya ilianza kufuata viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za fedha mwaka 1999, na viwango hivyo vinampa mwenye kampuni uchaguzi. Kiwango cha IAS 16, kinachohusu ardhi, majengo na mashine anazotumia mwenyewe, kinamruhusu kubaki na gharama au kuhamia kwenye tathmini upya. Akihamia, mali huandikwa kwa thamani ya haki. Maana ya thamani ya haki imewekwa na kiwango cha IFRS 13: ni bei ambayo ungeipata kwa kuiuza mali hiyo siku ya kupima, katika mauzo ya utaratibu wa kawaida, kati ya watu walio sokoni. Kila sehemu ya maelezo hayo ina uzito wake. Ni bei ya kuuza, si ya kununua. Ni ya siku ile, si ya mwaka ujao. Na ni ya mauzo ya kawaida, si ya mtu aliyebanwa na mnada.

Ndugu hao walimwita mthamini aliyesajiliwa, kama sheria ya Kenya inavyotaka, na ripoti yake ilisema ardhi ni milioni 56 na jengo ni milioni 10. Tuone kilichotokea tulipoziweka namba hizo kwenye karatasi. Thamani ya vitabuni ya vitu hivyo viwili ilikuwa milioni 6.2, mpya ni milioni 66, ongezeko ni milioni 59.8. Kaka mdogo alidhani kiasi hicho chote kinaongezwa kwenye mtaji. La. Serikali nayo ina sehemu yake. Ardhi haichakai, hivyo thamani yake huchukuliwa kwamba itapatikana kwa kuiuza, na kodi ya faida ya mtaji nchini Kenya imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023. Asilimia 15 ya ongezeko la ardhi la milioni 52 ni milioni 7.8. Jengo linatarajiwa kurudisha thamani yake kwa kutumika, hivyo ongezeko lake la milioni 7.8 hubeba kiwango cha kodi ya mapato ya kampuni cha asilimia 30, yaani kama milioni 2.3. Kodi hizi hazilipwi leo. Huandikwa kama dhima ya kodi iliyoahirishwa, na kinachobaki, kama milioni 49.7, huenda kwenye akiba ya tathmini upya ndani ya mtaji. Mtaji unatoka milioni 12 hadi karibu milioni 61.7, na theluthi ya dada inatoka milioni 4 hadi milioni 20 na nusu, bila kiti kimoja cha ziada kuuzwa.

Ongezeko hilo halikupitia kwenye faida ya mwaka. Kwa mali anayoitumia mwenyewe, mwenye kampuni halipitishi kwenye faida na hasara; huonekana chini yake, kwenye mapato mengine ya jumla. Lakini kama karakana hiyo hiyo ingekuwa imepangishwa kwa mtu mwingine, ingekuwa mali ya uwekezaji chini ya kiwango cha IAS 40, na kwa kampuni iliyochagua thamani ya haki, kila ongezeko la bei lingeingia moja kwa moja kwenye faida ya mwaka. Jengo lile lile na bei ile ile, lakini faida tofauti kabisa. Ndiyo maana, ukisoma hesabu za kampuni inayomiliki majengo ya kupangisha, faida yake haiwezi kueleweka kabla ya kutoa mstari wa ongezeko la thamani. Njia ya haraka ya kuuona ni kufungua taarifa ya mtiririko wa fedha: hapo mwanzoni, ongezeko hilo hutolewa kutoka kwenye faida, kwa sababu halikuleta hata shilingi moja. Kampuni inayoweza kuonyesha faida kubwa na wakati huo huo ikashindwa kulipa gawio, mara nyingi siri yake iko katika mstari huo.

Kwa ndugu wetu, namba mpya zilifichua jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa na uzito kuliko bei ya hisa. Faida ya kampuni kabla ya kodi ilikuwa milioni 1.8 kwa mwaka. Juu ya mtaji wa milioni 12, hiyo ni asilimia 15, na kwa miaka mingi waliridhika nayo. Juu ya mtaji wa milioni 61.7, faida hiyo hiyo haifiki asilimia 3, na ingepungua zaidi kwa sababu jengo la milioni 10 likipewa upya maisha ya miaka 25 lingekatwa uchakavu wa laki 4 kwa mwaka badala ya laki 2. Kisha tukauliza: karakana ya ukubwa huo inapangishwa kiasi gani kwa jirani? Jibu lilikuwa laki mbili na nusu kwa mwezi, yaani milioni 3 kwa mwaka. Kama kampuni ingelipa kodi ya pango ya kweli, isingepata faida ya milioni 1.8, ingepata hasara ya kama milioni moja, hata baada ya kuokoa laki 2 za uchakavu wa jengo. Samani zilikuwa zinauzwa kwa bei ambayo ardhi ya baba ilikuwa inaifadhili kimyakimya, na gharama ya kihistoria haikuwa na mahali pa kuonyesha hilo.

Ningeishia hapa, msomaji angeondoka akidhani thamani ya haki ndiyo ukweli na gharama ya kihistoria ni kumbukumbu tu. Ripoti ya mthamini ilinionyesha vinginevyo. Niliposoma ukurasa wa mauzo aliyoyatumia kulinganisha, niliona kwamba ploti tatu zilizotajwa zote zilinunuliwa na wajenzi wa maghorofa ya kupangisha. Bei waliyolipa ilikuwa ya ardhi ya kujenga maghorofa. Mnunuzi wa aina hiyo haitaki karakana. Siku ya kwanza ataibomoa. Kwa hiyo milioni 56 za ardhi na milioni 10 za jengo haziwezi kusimama pamoja: ama ardhi inathaminiwa kama ya maghorofa na jengo halina thamani, ama inathaminiwa kama ya karakana na bei yake inashuka. Kuzijumlisha ni kuhesabu matumizi mawili yasiyoweza kutokea pamoja kwenye kipande kimoja cha ardhi. Mthamini alikubali hoja hiyo na akaondoa milioni 10.

Kosa la namna hii haliwezekani katika gharama ya kihistoria, na si kwa sababu mthamini alikuwa na nia mbaya. IFRS 13 yenyewe inapanga vipimo katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni bei inayoonekana moja kwa moja sokoni kwa kitu kile kile, kama hisa inayouzwa kila siku kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Ya pili hutumia bei za vitu vinavyofanana au taarifa nyingine zinazoonekana. Ya tatu hutegemea makadirio ambayo soko haliyaonyeshi. Ardhi na majengo mara nyingi huangukia ngazi ya tatu au, kwa nadra, ya pili. Maneno hayo mawili, ngazi ya tatu, yakionekana kwenye maelezo ya hesabu, ni ishara kwamba unasoma maoni ya mtu, hata kama ni mtu mwenye ujuzi. Na ripoti za wathamini hapa kwetu kwa kawaida hubeba zaidi ya namba moja: thamani ya soko, thamani ya mauzo ya haraka ambayo benki huitazama inapokopesha, na thamani ya bima, ambayo ni gharama ya kulijenga jengo upya na haihusu ardhi kabisa. Nimewahi kuona mtu akichukua thamani ya bima na kuiita bei ya jengo.

Mwanya kati ya vitabu na soko hauko kwenye ardhi tu, na si kila mara vitabu ndivyo vilivyo chini. Chukua benki iliyonunua hatifungani za serikali za shilingi milioni 100 zinazolipa riba ya asilimia 12, na imebaki miaka minane ziive. Ikiwa benki imeamua kuzishika hadi mwisho na kukusanya riba tu, itaziandika kwa gharama, milioni 100, hata bei sokoni ikibadilika. Sasa riba zikipanda na wawekezaji wakawa wanadai asilimia 17, hakuna atakayenunua hatifungani ya asilimia 12 kwa bei kamili. Ukikokotoa kwa riba inayolipwa mara moja kwa mwaka, bei yake inashuka hadi karibu milioni 79. Wakenya waliona riba zikipanda kwa namna hiyo: Februari 2024, Benki Kuu iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Milioni 21 zilizopungua hazionekani kwenye mizania ya benki yetu ya mfano. Ziko kwenye maelezo ya hesabu, kurasa nyingi mbele.

Nje ya Kenya kuna kisa kinachoonyesha mwisho wa jambo hili. Benki ya Silicon Valley ya Marekani, mwishoni mwa 2022, ilikuwa na hatifungani za kushika hadi ziive zilizoandikwa kwa takriban dola bilioni 91. Thamani yake ya soko, iliyotajwa katika hesabu hizo hizo, ilikuwa karibu bilioni 76. Tofauti ya bilioni 15 ilikaribia kulingana na mtaji wote wa benki, uliokuwa kama bilioni 16. Gharama ilikuwa kipimo sahihi mradi tu benki ingeweza kweli kusubiri. Wenye amana walipokimbilia fedha zao Machi 2023, haikuweza, na benki ikaanguka ndani ya siku chache.

Hata hivyo, mizania ambayo kila mstari wake ni wa thamani ya haki bado isingelingana na bei ya soko la kampuni nzima, kwa sababu kuna vitu ambavyo havina mstari kabisa. Sifa ya jina, wateja wanaorudi, mafundi wanaojua kazi: kampuni ikivijenga yenyewe, kiwango cha IAS 38 hakiruhusu kuvipa thamani vitabuni, kwa kuwa hakuna gharama inayoweza kutenganishwa kwa uhakika na gharama za kuendesha biashara. Chukua M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2007. Mazoea ya mamilioni ya watu kuitumia hayamo kwenye mizania kama mali, lakini anayenunua hisa ya Safaricom anayalipia.

Kurudi Dagoretti: baada ya marekebisho, hesabu ilikuwa hivi. Mtaji wa vitabuni milioni 12, ongeza milioni 52 za ardhi, toa milioni 2.2 za jengo litakalobomolewa, toa milioni 7.8 za kodi iliyoahirishwa: milioni 54. Theluthi ni milioni 18. Kaka aliuliza swali la haki: nani angemlipa dada milioni 18 kwa theluthi isiyompa uwezo wa kuamua ploti iuzwe, ilhali wao wawili hawana nia ya kuiuza? Mtu wa nje asingelipa kiasi hicho. Dada naye akauliza kwa nini apunguziwe kwa sababu ya uamuzi wa kaka zake. Kiwango cha uhasibu hakina jibu la swali hilo. Walikubaliana milioni 14, zilipwe kwa miaka minne.

Kuhusu vitabu, waliamua kubaki na gharama. Tathmini upya isingekuwa ya mara moja. Ingebidi irudiwe kila baada ya miaka kadhaa, kwa kundi zima la mali za aina hiyo, na kila mara mthamini alipwe. Hivyo mizania ya Desemba 2025 ilionyesha ardhi ya milioni 4 na jengo la milioni 2. Tulichoongeza ni sentensi mbili katika maelezo ya hesabu: kwamba ardhi hiyo ilithaminiwa mwanzoni mwa 2025 kwa milioni 56, na kwamba thamani hiyo inatokana na mauzo ya ploti zilizonunuliwa kwa ajili ya maghorofa, si karakana.